Mama ana kisukari, wewe umepimwa 6.3: cha kufanya ndani ya miezi sita

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili moja jioni. Kanisani kwao Donholm kulikuwa na kambi ya matibabu, akadungwa kidole, mashine ikasoma 6.8. Kijana aliyempima akamwambia sukari imepanda kidogo, apunguze vitu vitamu, kisha akaita mtu wa pili kwenye foleni. "Shemeji, ndiyo imeanza?" akaniuliza. Nilijua anamfikiria nani. Mama yake anaishi na kisukari mwaka wa kumi na tano sasa, na ameshakatwa vidole viwili vya mguu.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye kliniki ya kisukari hapa Nairobi. Swali la shemeji nalisikia kila wiki, kwa kawaida kutoka kwa mtu wa miaka 35 hadi 50 aliyemuuguza mzazi. Amenipa ruhusa nieleze alivyofanya, kwa hiyo nitakupitisha njia ileile aliyopita yeye.

Kwanza, pata kipimo unachoweza kukiamini

Nilimuuliza kama alikuwa amekula kabla ya kudungwa. Alikuwa amekunywa chai na mandazi mawili. Basi ile 6.8 haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hata mtu mwenye afya kamili anaweza kufika hapo baada ya chai. Tena hizi mashine za kidole zinaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 15 hivi juu au chini. Zimetengenezwa kumsaidia mgonjwa ajifuatilie nyumbani. Kumwambia mtu ana ugonjwa au hana si kazi yake.

Kipimo cha kutegemea ni damu ya mshipa inayopelekwa maabara, ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi. Maji unaruhusiwa, chai ya rangi isiyo na sukari hapana. Usiende ukiwa na homa au maambukizi, wala ukiwa unameza dawa za steroidi kama prednisoloni, maana hizo hupandisha sukari. Kula chakula chako cha kawaida siku zilizotangulia. Wapo wanaojinyima siku tatu ili wapate namba nzuri, na wanaishia kujidanganya wenyewe.

Zile mmol/L kwenye karatasi ni milimoli kwa lita. Kabla ya kula, chini ya 5.6 ni sawa, 7.0 kwenda juu ni kisukari, na katikati ndipo mpakani. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa: Shirika la Afya Duniani linauhesabu mpaka kuanzia 6.1, ilhali Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanzia 5.6. Ndiyo sababu unaweza kuwa na 5.8, kliniki moja ikakwambia uko salama na nyingine ikakuita. Ushauri wangu kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari ni ajihesabu tangu 5.6.

Kipimo cha pili ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu iliyopita. Asilimia 5.7 hadi 6.4 ni mpakani, 6.5 kwenda juu ni kisukari. Hiki hakihitaji kufunga. Lakini kina mtego unaotuhusu sana nchini mwetu. HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chembe hizo zikiwa na hitilafu, namba nayo inapinda. Aliyerithi selimundu kwa upande mmoja tu, jambo la kawaida kwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi au Pwani, anaweza kupata namba ya chini kuliko hali yake halisi. Mwanamke mwenye upungufu wa madini ya chuma kwa sababu ya hedhi nzito anaweza kupata ya juu. Ukiwa miongoni mwao, mwambie daktari mapema. Mnaweza kutumia kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili, ambapo 7.8 hadi 11.0 ndiyo mpakani.

Shemeji alienda maabara Jumanne alfajiri kabla ya kazi. Kabla ya kula alikuwa 6.3, HbA1c 6.1. Tulirudia baada ya wiki mbili ikatoka 6.2. Kwa hiyo kambi ilimpima vibaya, lakini hofu yake ilikuwa na msingi.

Elewa kinachoendelea mwilini

"Lakini mimi sijisikii chochote," aliniambia. Ni kweli, na hatasikia. Kiu, kukojoa usiku, siafu kuzingira mkojo kama bibi zetu walivyokuwa wakisema, hayo yote huja sukari inapomwagika kwenye mkojo, na figo haziiachii hadi ifike karibu 10. Mtu wa 6.3 yuko mbali na hapo. Anayengoja siafu amechelewa kwa miaka.

Kinachotokea ni hiki. Ukila, kongosho hutoa insulini, na insulini hufungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli na ini. Mafuta yakijaa tumboni na ndani ya ini, milango hiyo inakuwa mizito, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Usiku ini, ambalo halisikii tena amri vizuri, huendelea kumwaga sukari kwenye damu. Ndiyo maana unaamka na 6.3 ingawa hujala tangu saa mbili usiku.

Na urithi unaingilia wapi? Mara nyingi unachorithi ni kongosho lisilo na akiba kubwa. Jirani yako mwenye kitambi kama chako anaweza kulilazimisha lake kwa miaka 30 bila kuchoka, wewe lako likachoka kwa kumi. Kuwa na mzazi mmoja mwenye kisukari huongeza uwezekano wako mara mbili hadi tatu. Kongosho ulilozaliwa nalo huwezi kulibadilisha. Unachoweza ni kulipunguzia mzigo, na mzigo wenyewe uko kiunoni.

Kwa hiyo chukua utepe wa fundi wa nguo, uzungushe usawa wa juu kidogo ya kitovu, pumua nje, soma. Mwanamume aliyepita sentimita 94 na mwanamke aliyepita 80 wana mafuta ya ndani ya kutosha kusumbua. Shemeji alikuwa na 104, uzito kilo 86. Nyuma ya shingo ngozi yake ilikuwa nyeusi na laini kama mahameli. Dada yangu alikuwa akiisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Ile ni alama ya insulini nyingi kwenye damu, na haitoki kwa sabuni.

Weka lengo la kilo, usiweke lengo la sukari

Lengo ni asilimia 7 ya uzito wako wa sasa. Halikutoka hewani. Huko Marekani watu 3,234 waliokuwa mpakani waligawanywa makundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliolenga kupunguza asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58 katika muda wa karibu miaka mitatu, ukiwalinganisha na waliopewa vidonge bandia. Waliopewa metformini kilipungua kwa asilimia 31. Wafini walipata asilimia 58 hiyohiyo mwaka mmoja kabla.

Kwa shemeji, asilimia 7 ya 86 ni kilo 6. Nikamwambia nusu kilo kwa wiki inatosha, na nikampa miezi sita badala ya mitatu, kwa sababu najua mazishi, harusi na safari za ushago ziko njiani.

Neno moja kwa wembamba: wapo watu wasio na kitambi na bado wako mpakani, kwa sababu kongosho lao ndilo dhaifu. Kama ni wewe, kupungua zaidi si tiba yako. Weka nguvu kwenye misuli na upimwe kwa karibu. Na kama unapungua bila kujaribu huku una kiu, nenda hospitali wiki hii.

Anza na kikombe, halafu sahani

Nilimwomba aandike kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, pamoja na Jumamosi. Chai ya maziwa mara tatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Soda ya nusu lita saa sita mchana. Tuhesabu: vijiko tisa vya chai ni gramu 36 hivi, na ile soda ina karibu gramu 50. Jumla ni kama kalori 350 kwa siku, zinazonywewa bila kushibisha. Hizo peke yake zinakaribia kile anachohitaji kukata ili ashuke nusu kilo kwa wiki, ambacho ni kama kalori 500.

Soda aliiacha siku hiyohiyo. Chai tuliipunguza nusu kijiko kila wiki, maana ulimi huzoea polepole, na ukikatisha ghafla unarudi kwa kishindo. Wiki ya sita alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari, yenye tangawizi. Asali, sukari nguru na sukari ya kahawia ni sukari ileile, kongosho haliangalii rangi. Juisi pia, hata uliyoikamua mwenyewe, kwa sababu glasi moja inamaliza machungwa matatu na nyuzi zimebaki kwenye kichujio. Kula chungwa lenyewe.

Sasa ugali. Watu wengi wakiambiwa sukari, huacha sukari ya chai na kuendelea na mlima wa ugali uleule, ilhali wanga ukisagwa tumboni unakuwa glukosi. Mwingine anahamia unga wa mtama au wimbi, anaula mara mbili kwa kuwa ni "wa afya". Ni kweli unga wa posho usiokobolewa, mtama na wimbi vina nyuzi zaidi na hushibisha, nami nauchagua kuliko unga mweupe wa pakiti. Lakini ukubwa wa kipande una uzito kuliko rangi yake. Uji wa wimbi uliosagwa laini hupandisha sukari haraka, na nduma na viazi vitamu, pamoja na sifa zao, bado ni wanga na huingia kwenye hesabu.

Kipimo ni ngumi yako mwenyewe. Wanga wote wa mlo mmoja, iwe ugali, wali, chapati au matoke, usizidi ukubwa wa ngumi iliyofungwa. Nusu ya sahani ijae sukuma, terere, managu, kunde au kabeji. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki, kuku au mayai. Githeri ni chakula kizuri kikiwa na maharagwe mengi kuliko mahindi, mwambie mwenye kibanda akuchotee hivyo. Na mafuta: kijiko kimoja cha kulia kwa sufuria ya mboga ya watu wanne kinatosha, wengi wetu tunamimina tu.

Jambo dogo lenye faida: anza na mboga na maharagwe au nyama, ugali uje mwisho. Chakula kilekile, kiasi kilekile, lakini sukari hupanda taratibu kwa sababu wanga unakuta tumbo limeshapata kazi.

Hapa ndipo shemeji alipokwama. Wiki tatu za kwanza uzito haukusonga. Nilienda kwao Jumatano jioni nikaona sababu: dada yangu alikuwa anampakulia kabla hajafika, ugali wa kiganja kizima na vidole vyake, na kwake kumpunguzia mume chakula kilikuwa ni kama kumnyima heshima mbele ya watoto. Tulikaa watatu jikoni. Nikamwomba afunge ngumi, dada akaiweka kando ya ugali. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo ugali unakaa mezani kwenye hotipoti, kila mtu anajikatia, na sufuria ya mboga ndiyo imekuwa kubwa. Kama wewe si unayepika, ongea na anayepika kabla hujaanza lolote.

Tembea, na ubebe uzito

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na mlango hubaki wazi saa nyingi baadaye, pengine hadi siku ya pili. Ndiyo maana siku mbili mfululizo za kukaa zinadhuru kuliko unavyodhani.

Shemeji alikuwa anapanda matatu ya Donholm hadi mjini, kisha nyingine hadi Upper Hill. Tukaifuta hiyo ya pili. Kutoka Railways kupanda hadi Upper Hill ni kama nusu saa kwa mguu, tena kuna mlima. Siku tano kwa wiki zinakupa dakika 150, na nauli inabaki mfukoni. Anabeba shati la kazi kwenye begi. Jioni anapanda gari, kwa sababu giza likiingia mambo ya usalama yanakuwa mengine, na sitamwambia mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya mazoezi. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba.

Baada ya chakula cha jioni, dakika 10 hadi 15 za kuzunguka ndani ya esteti. Huo ndio wakati sukari inapopanda, na hata matembezi mafupi huishusha. Ukiwa ghorofani na nje si salama, panda na kushuka ngazi za jengo.

Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono vivyo hivyo. Lipia jimu ukitaka, lakini mtungi wa maji wa lita 5 kwa kila mkono unafanya kazi hiyohiyo. Ukiwa na maumivu ya kifua au unahema sana kwa ngazi chache, mwone daktari kabla ya kuanza.

Usingizi nao: anayelala kwa muda wa saa tano tu akiamkia matatu ya alfajiri, mwili wake unakataa insulini zaidi na njaa inamzidi. Na anayekoroma hadi pumzi ikatike apimwe, tatizo hilo hutembea pamoja na sukari.

Dawa

Metformini ina nafasi yake. Huwa nazungumza na daktari kuihusu hasa kwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito, kwa mtu mnene sana, kwa aliye chini ya miaka 60 ambaye namba zinapanda ingawa anajitahidi. Lakini figo zipimwe kwanza, na usiinunue dukani kwa sababu mama anayo kabatini. Unga unaouzwa kwenye matatu usioandikwa kilichomo ndani, uache.

Pima upya kwa wakati wake

Nusura shemeji aache mwezi wa tatu. Alikuwa ameshuka hadi kilo 82, kiuno 99, na kabla ya kula ikatoka 5.9. Alitarajia 5. Nikamwonyesha daftari: tangu 6.3, mwelekeo ni chini, na ini huchukua muda kumaliza mafuta yake. HbA1c nilimkataza kurudia kabla ya miezi mitatu kamili, kwa kuwa ingekuwa bado inabeba wiki zile za soda. Pia nilimwondolea mashine ya kidole. Alikuwa anajidunga kila asubuhi na kununua vijiti vya bei, akifurahi kwa 5.7 na kukosa usingizi kwa 6.1, ilhali tofauti hiyo ni makosa ya mashine tu. Nikamwambia apime tumbo lake kwa utepe kila Jumamosi badala yake.

Mwezi wa sita alikuwa kilo 79.8, kiuno 95. Kabla ya kula 5.6, HbA1c 5.7. Tazama vizuri: bado yuko kwenye mstari. Hakupona, na simwambii amepona. Atapimwa kila mwaka maisha yake yote, na akirudisha zile kilo namba zitarudi nazo. Wengine hufanya yote haya na bado kisukari kinakuja. Hata hao hawakupoteza. Kule Da Qing nchini China, walioanza kubadilisha mlo na mazoezi mwaka 1986 walifuatiliwa kwa miaka 30, na kisukari kilichelewa kwao kwa karibu miaka minne, na maradhi ya moyo na macho yakawa machache.

Urithi hauwi wa mtu mmoja. Shemeji ana ndugu watatu wa tumbo moja. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka 38, alizaa mtoto mkubwa wa kilo 4.3, ishara kwamba huenda alikuwa na kisukari cha ujauzito, na hakuna aliyewahi kumpima sukari baada ya hapo. Jumamosi iliyopita saa moja asubuhi wote watatu walikuwa kwenye benchi la maabara, hawajala, wameshika chupa za maji, na shemeji amekaa nao ingawa zamu yake bado.